Kusoma na kujibu barua pepe ukiwa na uoni hafifu, na jinsi ya kumwandikia mwenye hali hiyo

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari, Mpwapwa. Presha ya macho imemwachia sehemu ndogo ya kuona katikati, na maandishi ya kawaida ya simu hayaoni tena. Asubuhi simu inalia: barua pepe kutoka ofisi moja ya Dodoma mjini. Mada yake ni "YAH: MWALIKO". Ndani kuna sentensi moja, "Tafadhali rejea kiambatisho husika," na chini faili linaloitwa Scan0037.pdf. Kwa anayeona vizuri hiyo ni kazi ya dakika moja. Kwa mwalimu huyu, kila kipande cha barua hiyo kina tatizo lake, na karibu kila tatizo lina dawa.

Nitaifuata barua hiyo kuanzia inapoingia hadi inapojibiwa, kwenye simu ya Android yenye Gmail, kwa kuwa ndiyo wengi wanayo. Simu nyingi za hapa zimewekwa kwa Kiingereza, hivyo vitufe nitavitaja kwa majina yanayosomeka kwenye kioo.

Weka sauti ya Kiswahili kabla ya kitu kingine

Programu inayosoma kioo kwa sauti kwenye Android inaitwa TalkBack. Watu wengi huiwasha, wanasikia Kiswahili kikitamkwa kwa ulimi wa Kiingereza, hawaelewi neno, wanaizima na kusema haifai. Tatizo hapo si TalkBack. TalkBack haina sauti yake. Inaazima sauti kutoka programu nyingine ndani ya simu, na hiyo imewekwa Kiingereza.

Kwa hiyo anza hivi. Fungua Settings, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia juu kabisa, andika "Text-to-speech". Kila kampuni ya simu huficha ukurasa huu mahali pake, na kutafuta ndiyo njia ya mkato. Hakikisha injini iliyochaguliwa ni Speech Services by Google. Gusa alama ya gia pembeni yake, ingia Install voice data, tafuta Swahili, pakua. Fanya hivyo ukiwa na Wi-Fi au bando la kutosha. Ukishapakua, sauti hiyo itafanya kazi hata pasipo mtandao. Rudi nyuma, chagua Swahili kuwa lugha, na usikilize mfano. Punguza kasi mwanzoni. Sikio likizoea utaiongeza mwenyewe.

Ukipokea barua pepe za Kiingereza pia, pakua na sauti ya Kiingereza. Ndani ya menyu ya TalkBack kuna Spoken language, ambako unabadilisha lugha katikati ya kazi bila kurudi Settings.

Sasa washa TalkBack, lakini usiiwashe kabla hujajua kuizima. Ikiwaka, mguso mmoja hausababishi kitu kufunguka, unakitaja tu, na mtu asiyejua hilo hudhani simu imeharibika. Kwa hiyo:

1. Ingia Settings, kisha Accessibility, kisha TalkBack. Kama huioni, tafuta kwa jina. Kama simu haina kabisa, ipo Play Store kwa jina la Android Accessibility Suite.
2. Kwanza washa njia ya mkato ya TalkBack, ile ya vitufe vya sauti. Kuanzia hapo, ukibana kitufe cha kuongeza na cha kupunguza sauti kwa pamoja kama sekunde 3, TalkBack inawaka au inazimika.
3. Ijaribu mara kadhaa, uiwashe na kuizima, hadi vidole vizoee.

Miguso ya lazima ni michache. Telezesha kidole kimoja kulia kwenda kitu kinachofuata, kushoto kurudi nyuma. Gonga mara mbili popote kwenye kioo kufungua kitu kilichotajwa mwisho. Kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Kurudi nyuma, telezesha chini kisha kushoto bila kuinua kidole. Kufungua menyu ya TalkBack, telezesha chini kisha kulia. Kwa wiki ya kwanza hiyo inatosha kabisa.

Kupitia zilizoingia

Fungua Gmail. Kila ukitelezesha kulia, TalkBack inasoma barua moja: kama haijasomwa, nani katuma, mada, mwanzo wa maneno yaliyomo, na muda. Hapo ndipo mada inapobeba mzigo mkubwa. Anayeona hurusha macho kwenye orodha nzima akaokota anayoitaka. Anayesikiliza anazipitia moja baada ya nyingine, na mada ya "YAH: MWALIKO" haimwambii kama ni harusi, kikao au biashara ya mtu. Usisubiri hadi mwisho wa kila moja. Ukishasikia jina na mada, telezesha, sauti itakatika na kwenda inayofuata.

Ukifika kwenye unayotaka, gonga mara mbili. Ndani ya barua, fungua menyu ya TalkBack, uchague kusoma kuanzia juu au kuanzia kinachofuata, na isome yenyewe. Kugusa kioo kwa vidole viwili mara moja kunanyamazisha. Jibu refu lililobeba barua za nyuma mara nyingi linafichwa chini ya kitufe cha kuonyesha maneno ya awali. Usikifungue kama huyahitaji, maana utasomewa mazungumzo yote upya.

Kuna jambo moja la usalama linalomhusu zaidi anayesikiliza. TalkBack inataja jina la mtumaji, na jina mtu yeyote anaweza kujipa. Barua za uongo za ajira hutumia mwanya huo huo. Kabla ya kufungua kiungo au kutuma nakala ya kitambulisho, fungua maelezo ya mpokeaji yaliyo chini ya jina la mtumaji, uifikie anwani kamili, kisha uisikilize herufi kwa herufi: telezesha kidole juu kisha chini kwa mwendo mmoja hadi usikie Characters, halafu telezesha chini kusikia herufi moja moja. Ikisomwa kama neno, sifuri iliyowekwa mahali pa herufi o inaweza kukupita. Ikisomwa moja moja, utaisikia. Taasisi ya serikali kwa kawaida huandika kutoka anwani inayoishia na go.tz. Ikikuomba nyaraka kutoka anwani ya bure, pigia ofisi simu kwanza.

Kiambatisho kilicho kimya

Mwalimu anagonga mara mbili Scan0037.pdf. Faili linafunguka. TalkBack inataja jina la faili, labda namba ya ukurasa, basi. Anatelezesha kulia, hakuna neno. Hiyo ndiyo dalili: faili halina maandishi, lina picha ya maandishi. Barua ilichapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikasainiwa, ikapigwa mhuri, ikaskaniwa. Macho yanaona herufi, programu inaona wino tu. Kusasisha simu hakuyaweki maandishi ndani ya faili, wala kubadilisha sauti. Niliyemwona akihangaika hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote alidhani kosa ni lake, na ninataka msomaji ajue mapema kwamba si lake.

Njia ya haraka na ya uhakika ni kumwomba mtumaji maneno yenyewe. Ombi liwe fupi na liseme hasa unachotaka, kwa sababu aliyetuma hajui tatizo:

"Habari za kazi. Nimepokea barua pepe yenye mwaliko, lakini kiambatisho ni picha, nami natumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Naomba maneno ya barua hiyo yawekwe ndani ya barua pepe yenyewe, au nitumiwe faili la Word. Ninachohitaji zaidi ni tarehe, saa, mahali na vitu ninavyotakiwa kuja navyo. Natanguliza shukrani."

Hiyo sentensi inayotaja unachohitaji zaidi inasaidia sana. Karani ambaye hana faili la awali bado anaweza kuandika mambo manne kwa mkono wake.

Ukishindwa kumpata, unaweza kuyatoa maneno kwenye picha. Kwenye kompyuta, pandisha faili Google Drive, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Open with, kisha Google Docs. Itafunguka hati mpya yenye maneno iliyoweza kuyatambua, na hayo kisoma skrini kinayasoma. Kwa kompyuta ya Windows yenye NVDA, programu inayosoma kioo cha kompyuta kwa sauti, fungua picha ya ukurasa na ubonyeze Insert pamoja na R. Itajaribu kutambua maandishi hapo hapo.

Usiyaamini matokeo moja kwa moja. Aya zenye maneno ya kawaida hutoka vizuri kama skani ilikuwa safi. Panapoharibika ni pale pale panapokuhusu: tarehe iliyopigwa mhuri juu yake, 3 inayogeuka 8, 1 inayogeuka 7, jedwali la ratiba ambalo safu zake zinachanganyika, na chochote kilichojazwa kwa kalamu. Utajua pameharibika ukisikia silabi zisizo na maana katikati ya sentensi nzuri. Tarehe, saa na kiasi cha fedha vithibitishe kwa simu hata kama vimesikika sawa.

Kujibu

Ndani ya barua, tafuta Reply, gonga mara mbili. Kibodi ikitokea, pitisha kidole juu yake polepole. Kila herufi unayopita inatajwa, na ukiinua kidole herufi ya mwisho ndiyo inayoandikwa. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za Gboard, kibodi ya Google, vinginevyo masahihisho yake yatageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza bila kukuuliza.

Njia ya wepesi zaidi ni kusema. Gboard ina kitufe cha maikrofoni, na inaelewa Kiswahili. Vaa spika za masikioni kwanza, kwa sababu sauti ya TalkBack ikitoka kwenye spika ya simu itaingia kwenye maikrofoni na kuandikwa katikati ya maneno yako. Spika za masikioni zinakufaa kwa sababu nyingine pia: barua yako haitasikika na abiria wote wa daladala ya kwenda Chamwino. Sema sentensi moja, nyamaza, isikilize ilivyoandikwa, kisha endelea. Majina ya watu na ya vijiji ndiyo hukosewa zaidi. Yapitie kwa herufi kama ulivyofanya kwenye anwani.

Waliojifunza nukta nundu, mathalani waliopita shule ya wasioona ya Buigiri, wana njia ambayo kwa maoni yangu inazidi zote mbili kwa kasi na kwa siri. TalkBack ina kibodi ya nukta nundu: simu inashikwa kwa ulalo, kioo kikitazama mbele badala ya kukutazama wewe, na vidole sita vinaandika nukta moja kwa moja juu ya kioo. Chagua ile isiyo na vifupisho, kwa sababu vifupisho vya Kiingereza vitaharibu Kiswahili.

Anwani ya mpokeaji katika barua mpya ijaze mwishoni, baada ya kusikiliza barua nzima. Kitufe cha kutuma kiko juu, na kidole kinachotafuta njia kinaweza kukigonga mapema. Bila anwani, haitakwenda.

Kwenye kompyuta ya ofisi, NVDA ni ya bure na ina sauti ya Kiswahili ndani yake, eSpeak NG. Sauti hiyo ni kavu, lakini inatamka wazi hata kwa kasi kubwa. Gmail ndani ya kivinjari ina vitu vingi vya kupita. Binafsi napendekeza programu ya Thunderbird, ambako Control na R ni kujibu, Control na Enter ni kutuma, na F6 inahamia sehemu nyingine ya dirisha. Kitufe cha Control peke yake kinanyamazisha NVDA.

Kwa anayeona kiasi

Si kila mwenye uoni hafifu anahitaji TalkBack, na kumsukuma huko asiyeihitaji kunamchosha bure. Anza na Settings, Display, kisha Font size. Gmail itaufuata ukubwa huo. Ongeza hatua moja, soma barua pepe tatu, ndipo uongeze nyingine. Herufi zikizidi, mstari unabeba maneno mawili tu, na kurudi mwanzo wa mstari kila mara kunachosha kuliko udogo wenyewe. Baadhi ya barua za makampuni zimepangwa kwa upana usiobadilika na utalazimika kuburuta kulia na kushoto. Ndani ya mipangilio ya Gmail washa Auto-fit messages, itazipunguzia usumbufu huo.

Jua la Dodoma ni adui wa kioo, na wenye ualbino au mtoto wa jicho huumizwa zaidi na mng'ao mweupe. Wajaribu mandhari ya giza, Dark, kwenye Theme ya Gmail. Kuna wengine ambao herufi nyeupe juu ya weusi huwapaparika machoni, hao wabaki na nyeusi juu ya nyeupe na kupunguza mwanga. Aamue mwenye macho, si anayemsaidia.

Katikati ya hizo mbili kuna Select to Speak, ndani ya Accessibility. Haibadilishi miguso ya simu. Unasoma kwa macho kama kawaida. Ukikutana na aya ndefu au macho yakichoka, unagusa kitufe chake kisha aya hiyo, na inasomwa. Kwa mzee anayesoma mistari mitano vizuri na ya sita ikamshinda, sijaona kinachofaa zaidi.

Unayemwandikia

Sasa turudi kwenye ofisi iliyotuma mwaliko. Mhuri na saini vinahitajika kwenye faili la masjala, hakuna anayebisha. Lakini skani iende pamoja na maneno, isiende peke yake. Barua ileile ingeweza kutumwa hivi:

"Mada: Mwaliko wa mafunzo ya siku mbili, Mtumba, kuanzia Jumanne tarehe 21 Oktoba

Mwalimu, habari za kazi.

Unaalikwa kwenye mafunzo yatakayofanyika Mtumba, Dodoma, Jumanne na Jumatano, tarehe 21 na 22 Oktoba. Yataanza saa 3 asubuhi na kumalizika saa 10 jioni.

Njoo na kitambulisho cha kazi. Utalipwa shilingi 150,000 za kujikimu.

Tafadhali thibitisha kwa kujibu barua hii kabla ya Ijumaa tarehe 17 Oktoba.

Barua yenye saini imeambatishwa. Maneno yake ni haya haya."

Tazama kilichobadilika. Mada imebeba jambo, mahali na siku, hivyo msikilizaji anajua kabla ya kufungua. Tarehe imeandikwa kwa jina la mwezi na siku ya wiki. 05/06 ingeweza kusomwa kama Juni au Mei, na pengine kutamkwa "tano mkwaju sita". Saa imepewa "asubuhi" na "jioni". Fedha zimeandikwa "shilingi" mbele, bila ule mtindo wetu wa 150,000/= ambao sauti hujikwaa kwenye alama zake mbili. Vifupisho vya barua za ofisi, kama K.n.y., Kumb. Na. na Ndg., macho yamevizoea, lakini sauti huvitamka ovyo. "Kwa niaba ya" haikugharimu kitu. Vivyo hivyo mistari ya nukta na ya alama za sawasawa ya kupamba barua: kuna sauti inayozitaja moja moja.

Herufi kubwa tupu ziepuke hata kwenye mada. Maneno yote yakiwa na urefu mmoja yanapoteza umbo. Usiseme "yaliyo kwa rangi nyekundu ni ya lazima". Andika "lazima" mbele ya kila kimoja. Ukiweka kiungo, maneno yake yaseme kinakopeleka, "fomu ya usajili", si "bofya hapa", kwani wapo wanaoruka kutoka kiungo hadi kiungo na wangesikia "hapa" mara sita. Ratiba fupi iandike kwa sentensi badala ya jedwali. Bango la mwaliko lililotengenezwa kama picha liandikiwe chini yake kila kilichomo.

Kama lazima utume PDF, itoe ndani ya Word kwa Save As, bila kupitia printa na skana. Kisha ipime kabla ya kuituma: ifungue, bonyeza Control na F, tafuta neno unaloliona mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mfano "mafunzo". Likipatikana, kwa kawaida faili lina maandishi na litasomeka kwa sauti. Ukiambiwa halipo wakati unaliona kwa macho, umeshika picha. Weka maneno ndani ya barua pepe ndipo utume.